Ushuru wa korosho ghafi: msafirishaji anaulipa, lakini nani anaubeba?

*Mtaalamu, mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho upande wa Newala. Ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi unalipwa na kampuni iliyonunua mnadani. Kwenye malipo ya mkulima hakuna mstari wa makato hayo. Binti yangu anayesoma uchumi chuoni anasema karibu ushuru wote tunaulipa sisi wakulima, eti kwa sababu ya unyumbufu. Kanuni aliyonionyesha ina herufi mbili tu, na alipoulizwa namba zinatoka wapi alikwama. Je, ni kweli? Na mtu anahesabuje?*

Katibu, binti yako yuko sahihi kwa sehemu kubwa. Katika msimu mmoja, sehemu ya mkulima huenda ikawa kati ya robo tatu na karibu yote, na nitakuonyesha kwa nini siwezi kukupa namba moja. Alipokwama ndipo penye kazi yenyewe, kwa sababu kanuni ile hukaa kwenye mstari mmoja, ila herufi zake mbili hazitoki kitabuni. Zinatoka kwenye mti, kwenye kalenda ya mavuno ya dunia na kwenye idadi ya watu wanaoweka bei mnadani.

Tuanze na mnunuzi, usiku wa kuamkia mnada. Ana simu ya kiwanda cha Vietnam au India kinachomwambia kitalipa kiasi gani kwa tani ikishapakiwa melini Mtwara. Hiyo ndiyo bei ya melini. Tuseme ni dola 1,400. Sheria inataka asilimia 15 ya bei ya melini au dola 160 kwa tani, kiasi kipi ni kikubwa zaidi. Asilimia 15 ya 1,400 ni 210, kwa hiyo atalipa 210. Magunia, lori, ghala, bandari, riba ya benki na faida yake tuviweke pamoja kuwa dola 140. Anatoa 210 na 140 kwenye 1,400, anabaki na 1,050. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, namba niliyoichagua kwa wepesi wa hesabu, hiyo ni shilingi 2,625 kwa kilo. Ndiyo bei ya juu kabisa anayoweza kuiandika bila kula hasara.

Ushuru umeshakatwa hapo, kabla zabuni hazijafunguliwa. Huuoni kwenye karatasi ya malipo ya mkulima kwa sababu uliondolewa kwenye bei yenyewe. Geuza sheria uone: tuseme kesho Bunge linasema mkulima ndiye atakayepeleka dola 210 kwa kila tani, na msafirishaji hadaiwi kitu. Mnunuzi yule yule, kwa simu ile ile, sasa anaweza kuandika 1,260, yaani shilingi 3,150 kwa kilo. Mkulima anapokea 3,150, anatoa 525 za ushuru, anabaki na 2,625. Mkono unaopeleka fedha serikalini umebadilika, na mfuko wa kila mmoja umebaki vile vile. Kwa hiyo jina la mlipaji kwenye sheria tuliweke kando.

Sasa swali gumu zaidi. Ushuru ukifutwa kabisa, mkulima atapata 525 yote? Hesabu ya hapo juu inasema ndiyo, lakini imechukulia kwamba bei ya melini itabaki 1,400 ushuru uwepo usiwepo. Hilo lina haki ya kuhojiwa. Bei ya mkulima ikipanda, korosho nyingi zaidi zitaokotwa na kufikishwa ghalani, na ili hizo za ziada zinunuliwe huenda bei ya melini ikabidi ishuke kidogo. Zile dola 210 zinagawanyika: sehemu inapandisha bei ya mkulima, sehemu inashusha bei ya kiwanda cha nje. Mgawanyo unategemea pande hizo mbili zinavyoitikia bei, na hicho ndicho kinachoitwa unyumbufu.

Nakushauri usianze na asilimia kama chuoni. Anza na tani kwa dola. Jiulize: bei ya mkulima ikipanda dola moja kwa tani, tani ngapi zaidi zitaletwa? Iite U, ya ugavi. Halafu: bei ya melini ikishuka dola moja, tani ngapi zaidi zitanunuliwa kutoka kwetu? Iite M, ya mahitaji. Tani za ziada zinazoletwa lazima zilingane na tani za ziada zinazonunuliwa, na mabadiliko mawili ya bei yakijumlishwa lazima yatimize 210. Ukiyaweka hayo mawili pamoja unapata hivi:

```
sehemu ya mkulima  = M / (M + U)
sehemu ya mnunuzi  = U / (M + U)
```

Angalia kwamba sehemu ya mkulima ina M juu, yaani inakuzwa na wepesi wa mnunuzi kuondoka. Kadiri mnunuzi anavyoweza kuhamia kwingine, ndivyo mkulima anavyobeba zaidi. Wanafunzi wengi hugeuza hapo, wakadhani kila upande unabeba kwa kadiri ya unyumbufu wake wenyewe. Ukipata jibu linalosema mwenye njia nyingi za kukwepa ndiye anayebeba zaidi, umegeuza kanuni.

Tutafute U. Katika msimu mmoja, ugavi wa korosho ni mgumu kusogea. Mti ulipandwa miaka iliyopita, na mkorosho unahitaji kiasi cha miaka mitatu au zaidi kabla ya kutoa mavuno ya maana. Salfa ya kuzuia ubwiri unga ilipulizwa wakati wa maua, kabla hujajua bei ya Oktoba. Palizi imeshafanyika. Kilichobaki mikononi mwa mkulima ni bidii ya kuokota hadi ya mwisho, kukausha vizuri na kuamua kuuza sasa au kuweka ndani kwa muda. Kwa hiyo tuseme bei ikipanda asilimia 1, zitaletwa asilimia 0.3 zaidi. Ni makisio yangu ya mfano, ila yoyote utakayoweka kwa msimu mmoja yatakuwa madogo. Kwa mavuno ya tani 250,000, asilimia 0.3 ni tani 750. Asilimia 1 ya bei ya mkulima, dola 1,050, ni dola 10.5. Gawanya: kiasi cha tani 71 kwa kila dola. Hiyo ndiyo U.

M ndiyo yenye utata, na ndipo binti yako alipohitaji msaada. Ukimuuliza mtu unyumbufu wa mahitaji ya korosho, atafikiria walaji: wakipandishiwa bei watapunguza kiasi gani, watahamia lozi au karanga? Lakini Tanzania haiuzi kwa walaji wote wa dunia ikiwa peke yake. Inauza pembeni ya Côte d'Ivoire, ambayo inaongoza duniani kwa korosho ghafi, na ya Guinea-Bissau, Nigeria, Ghana, Kambodia na wengine. Bei yetu ikitaka kupanda, tunapoteza wateja kwa njia mbili: walaji wanapunguza, na wakulima wa kwingine wanaleta zaidi na kuchukua nafasi yetu. Mahitaji tunayoyakabili sisi ni kile kinachobaki baada ya wengine kuuza chao.

Tuhesabu hilo. Tuseme tani zetu 250,000 ni asilimia 7 ya korosho za dunia. Basi dunia nzima ni kama tani milioni 3.57, na wengine wanazalisha milioni 3.32. Bei ya dunia ikipanda asilimia 1, tuseme walaji wanapunguza asilimia 0.5, ambayo ni kama tani 17,900. Wakulima wa kwingine wanaongeza asilimia 0.3, sawa na sisi, ambayo ni kama tani 10,000. Jumla ni karibu tani 28,000 zinazotoka kwenye nafasi yetu. Kwa nchi yenye tani 250,000, hiyo ni asilimia 11. Walaji wenyewe walikuwa wagumu, nusu ya asilimia tu, lakini mahitaji tunayoyakabili sisi yananyumbuka mara ishirini na zaidi ya hapo, kwa sababu tu sisi ni wadogo sokoni. Kitabu kikikupa unyumbufu wa korosho duniani na ukaupachika moja kwa moja kwenye kanuni, utamwonea huruma mnunuzi asiyestahili.

Asilimia 1 ya dola 1,400 ni dola 14. Gawanya tani 27,800 kwa 14, M inakuwa karibu 1,990. Sasa weka kwenye kanuni: 71 ukigawanya kwa 2,061 ni karibu asilimia 3.5. Mnunuzi wa nje anabeba kama dola 7 kati ya 210, na mkulima anabeba kama 203. Kwa kilo ni shilingi 507 kati ya 525. Ile hesabu ya kwanza, iliyochukulia bei ya melini haisogei, haikuwa mbali.

Lakini mtu wa Mtwara anayeijua biashara hii atanikatiza hapa, na ana hoja. Korosho za Afrika Magharibi zinavunwa kuanzia Februari hivi hadi Juni. Za India, Vietnam na Kambodia nazo ni za miezi hiyo ya mwanzo wa mwaka. Sisi tunaanza Oktoba. Wakati ghala zetu zinajaa, viwanda vya Asia vinamaliza akiba, na wenye korosho mpya ni wachache: sisi, Msumbiji, Indonesia, Brazili. Katika dirisha hilo sisi si asilimia 7. Tuseme ni nusu.

Rudia hesabu. Soko la dirisha ni tani 500,000. Bei ikipanda asilimia 1, viwanda vinapunguza asilimia 0.5, yaani tani 2,500, na wauzaji wengine wa dirisha wanaongeza asilimia 0.3 ya tani zao 250,000, yaani 750. Jumla 3,250. Gawanya kwa dola 14, M inakuwa 232. Sehemu ya mnunuzi ni 71 kwa 303, kama asilimia 23.5. Anabeba dola 49, mkulima anabeba 161, ambayo ni shilingi 402 kwa kilo.

Ndiyo maana nilisema kati ya robo tatu na karibu yote. Ukweli uko katikati, na mahali hasa panategemea akiba. Kiwanda chenye ghala kubwa na mkopo wa bei nafuu kinaweza kununua korosho za Mei na kuzitumia Desemba, na kwa kiwanda hicho dirisha letu halina nguvu. Korosho ghafi ikikaa sana, hasa ikiwa na unyevu, ubora wake unashuka, kwa hiyo dirisha halifi kabisa. Mimi ninaegemea upande wa namba ya juu, kwa sababu wanunuzi wenye uzoefu hupanga manunuzi ya mwaka mzima, na tetesi za mavuno makubwa ya Côte d'Ivoire husikika Mtwara kabla hayajaokotwa.

Kabla hatujaondoka hapo, jambo la hesabu ambalo binti yako atalipenda. Akitumia asilimia badala ya tani kwa dola, atachukua 0.3 ya ugavi na 1.3 ya mahitaji ya dirisha, aseme mnunuzi anabeba 0.3 kwa 1.6, yaani asilimia 19. Mimi nimepata 23.5 kwa namba zile zile. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Kanuni ya asilimia inafaa pale ushuru ni mdogo kiasi kwamba bei ya mnunuzi na bei ya muuzaji zinakaribiana. Hapa asilimia 1 ya mnunuzi ni dola 14 na ya mkulima ni 10.5, kwa sababu kati yao kuna ushuru na gharama. Ushuru ukiwa moja ya tano ya bei ya mkulima, kama ulivyo huu, tani kwa dola ni salama zaidi.

Mtego mwingine ni wa muda. Atakwambia: "Baada ya miaka kumi ugavi unanyumbuka zaidi, kwa hiyo mzigo utamwendea mnunuzi." Nusu ya hilo ni kweli. Mkulima akiona bei haimlipi anaacha palizi, hapulizi salfa, hapandi miche, na shamba lililotelekezwa linashusha mavuno kwa miaka. Tuseme kwa muda mrefu bei ikipanda asilimia 1, mavuno yanapanda asilimia 1. U inakuwa 238 badala ya 71. Ukiiweka dhidi ya M ya dirisha, 232, mzigo unagawanyika karibu nusu kwa nusu, na habari inaonekana njema. Lakini miaka hiyo kumi imepita kwa wengine pia. Na wao wamepanda au wameacha kupanda. Ukiwapa nao asilimia 1 badala ya 0.3, M ya dirisha inakuwa tani 5,000 kwa dola 14, yaani 357, na mkulima anarudi kubeba asilimia 60. Kwa hesabu ya mwaka mzima, M inafika karibu 3,650, na mkulima wetu anabeba asilimia 94 hata baada ya miaka kumi. Ukirefusha muda, refusha kwa pande zote mbili.

Tena, huo mzigo wa muda mrefu unaopungua kwa mkulima si zawadi. Unapungua kwa sababu sehemu ya mashamba imeachwa. Aliyeacha korosho akalima ufuta hahesabiwi tena kuwa anabeba ushuru, ingawa ushuru ndio uliomwondoa.

Umeuliza namba zinatoka wapi, na huenda ukajaribiwa kuchukua daftari la chama na kugawanya mabadiliko ya mavuno kwa mabadiliko ya bei. Usifanye hivyo. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 300,000 na bei ilikuwa ya juu. Msimu uliofuata bei ilianguka, na mavuno nayo yakapungua. Mtu akigawanya atapata unyumbufu mzuri wa ugavi wenye alama sahihi kabisa, na hautakuwa na maana yoyote. Maua ya 2018 yalitoka kabla ya bei mbaya ya Oktoba. Mavuno yale hayakuwa jibu la bei ile. Ili upime U unahitaji mwaka ambao bei ilisogezwa na jambo la mbali, kama viwanda vya Vietnam kupunguza oda, na mkulima alijua mapema kiasi cha kubadili kazi shambani. Ili upime M unahitaji kinyume chake: mwaka ambao mvua au ubwiri unga ulipunguza mavuno yetu bila kugusa walaji, halafu uone bei ya melini ilipanda kiasi gani kulinganisha na korosho za kwingine. Miaka ya namna hiyo ni michache, ndiyo maana mchumi mwaminifu anakupa upana wa makisio badala ya nukta.

Msimu huo wa 2018 una somo jingine. Wakulima walizikataa bei za mnadani zisizofika shilingi 3,000, na Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa 3,300, jeshi likapelekwa kusomba mzigo. Kwa macho ilionekana mzigo umehamishwa kwa mnunuzi. Lakini kiwanda cha nje hakikuongeza hata dola moja kwenye simu yake kwa sababu ya tangazo la Tanzania, kwa ile M kubwa tuliyoipata. Pengo kati ya 3,300 na bei ambayo soko lingelipa lilibebwa na mfuko wa serikali. Bei ya amri inaweza kumtua mkulima mzigo. Haiwezi kumtwika mtu aliye Ho Chi Minh ambaye ana kwingine pa kununua.

Sasa kuna watu wawili ambao kanuni yetu haiwaoni, na katibu wa chama anapaswa kuwaona.

Wa kwanza ni msafirishaji mwenyewe. Nimeweka gharama na faida yake kuwa dola 140 zisizobadilika, yaani nimechukulia kwamba waombaji ni wengi na wanashindana hadi faida inabaki ya kawaida. Wakiwa kampuni mbili tatu zinazofahamiana, ushuru ukifutwa hawana haraka ya kuandika 3,150. Wataandika 2,750, mnada utapita, na tofauti watabaki nayo. Jirani zetu wa Msumbiji walilionja hilo. Katika miaka ya tisini, kwa msukumo wa Benki ya Dunia, ushuru wao wa korosho ghafi ulipunguzwa kwa hoja kwamba mkulima atanufaika. Waliofuatilia walikuta kilichomfikia mkulima ni kidogo mno, kwa sababu kati yake na bandari walikuwapo wafanyabiashara wachache. Viwanda vya kubangua vilifungwa, na mwaka 1999 Bunge lao likaupandisha ushuru tena hadi kiwango cha asilimia 18 na zaidi.

Hili unaweza kulipima wewe mwenyewe, Katibu. Kila mnada, chukua bei ya melini ya siku hizo, toa ushuru, toa gharama halisi za usafirishaji unazozijua, geuza kwa kiwango cha siku cha benki, halafu linganisha na bei iliyoshinda. Andika pia idadi ya kampuni zilizoweka zabuni. Pengo likiwa dogo wakati waombaji ni wengi na likapanuka kila wanapopungua, ujue sehemu ya unachodhani ni ushuru ni faida ya wachache. Dawa yake iko kwenye mnada, kiwango cha ushuru hakihusiki nayo. Ila kuwa mwangalifu na ubora: bei ya melini hutajwa kwa kiwango fulani cha kiini ndani ya gunia la kilo 80, na mzigo wenye kiini kidogo unapata bei ndogo kihalali. Ukilinganisha mzigo wa daraja la pili na bei ya mzigo bora utaona wizi usiokuwepo.

Wa pili ni mbanguaji wa ndani. Yeye halipi ushuru huu, kwa kuwa hasafirishi korosho ghafi. Lakini anashindana na wasafirishaji kwenye mnada ule ule, na wao wanafikia 2,625, kwa hiyo naye ananunua kwa bei hiyo badala ya kitu kama 3,100. Kwa tani anayoichukua, mkulima amepoteza kiasi kile kile, ila serikali haikupata senti. Kimeenda kwa kiwanda. Ndilo lengo lililokusudiwa, na mtu anaweza kulitetea kwa ajira za ubanguaji. Lakini akihesabu mzigo wa mkulima kwa kugawa makusanyo ya ushuru ataukosa huu, kwa sababu hauonekani kwenye hesabu za mapato. Zidisha mzigo wa tani moja kwa tani zote zilizouzwa, zilizosafirishwa na zilizobanguliwa.

Kuna pia kinachorudi. Kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2018, asilimia 65 ya ushuru ilikuwa ikienda kuendeleza zao lenyewe, na salfa ya ruzuku ilitegemea fedha hizo. Mabadiliko yale yakapeleka makusanyo yote Hazina. Wakulima wengi waliona ni ugomvi wa mafungu ya Bungeni, lakini kwa hesabu yetu ni jambo zito. Kama mkulima anabeba dola 203 kwa tani na sehemu kubwa inarudi kwake kama salfa na miche, mzigo wake halisi ni ile tofauti. Isiporudi, anabeba zote. Kiwango cha asilimia 15 kinaweza kubaki kama kilivyo kwa miaka huku mzigo wa mkulima ukipanda na kushuka kwa sababu ya mahali fedha zinapokwenda.

Mwisho, ile dola 160. Bei ya melini ikishuka chini ya dola 1,067, asilimia 15 inakuwa ndogo kuliko 160, na kuanzia hapo ushuru haushuki tena. Jaribu bei ya dola 900: toa 160, toa 140, mkulima anabaki na 600. Kwenye mfano wetu wa 1,400 ushuru ulikuwa sawa na moja ya tano ya alichopata mkulima. Kwenye 900 ni zaidi ya robo. Kwa hiyo mwaka mbaya ndio ambao ushuru unambana zaidi, na ukikutana na mwaka wa namna hiyo usitumie asilimia 15 kwenye hesabu zako.